Godauni letu Moshi liliungua, bima wanasema wanasubiri "wenzao wa nje". Hao wenzao ni akina nani?

Mhasibu wa Pasua

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kahawa hapa Moshi. Mwezi wa nne tuliunguliwa na ghala usiku. Moto ulianzia upande wa mashine ya kukaushia, ukapanda kwenye paa, ukala magunia yaliyokuwa yamepangwa ukuta wa nyuma. Mengine yaliponea moto yakamalizwa na maji ya zimamoto, na kahawa ikishalowa mnajua wenyewe, hakuna mnunuzi wa mnadani atakayeigusa.

Jengo, mitambo na kahawa vyote vilikatiwa bima ya shilingi bilioni 30. Mthamini wa hasara alikuja, akahesabu, akatoka na hasara ya bilioni 6. Kwenye hesabu hatubishani naye. Tatizo ni kwamba mpaka leo kila tukipiga simu jibu ni lile lile: "tunasubiri ridhaa ya wenzetu wa nje". Wenzao gani? Mkataba tumesaini na wao, ada tumelipa kwao, risiti ni yao. Benki inadai riba kila mwezi na bosi ananitazama mimi kana kwamba hela nimezikalia.

Anayejua mambo haya anisaidie. Jina la kampuni nisiliweke hapa.

Kaka Stika

Pole sana mkuu. Mimi ni wakala, hilo nalijua. Hao wa nje ni kampuni za bima mtawanyo. Kampuni yako nayo imekatiwa bima kule kwao, kwa hiyo hasara kubwa kama yako inalipwa na kule. Hawawezi kukulipa mpaka hela itoke huko, ndivyo sheria ilivyo. Ushauri wangu, tafuta majina ya hao wa nje uwaandikie moja kwa moja, wao ndio wenye mzigo.

Binti Machame

Kwa hiyo kampuni ya bima nayo inakata bima? Si ndiyo ile ya kukatia kitu kimoja bima mara mbili, ambayo tunaambiwa hairuhusiwi kulipwa kotekote?

Coaster ya Boma

Afadhali mmeanzisha hii mada. Na mimi Coaster yangu iligongwa Boma Ng'ombe, taa, kioo na bampa, na bima wananizungusha tangu mwezi uliopita. Kumbe ni hao wa nje! Niwaandikie na mimi?

Slipu na Muhuri

Mhasibu, pole. Nilikaa dawati la bima mtawanyo kwenye kampuni ya bima miaka mingi kabla sijahamia kwenye udalali hapa Arusha, kwa hiyo haya ndiyo yalikuwa maisha yangu.

Kwanza Mama Coaster: taa na bampa haziendi ng'ambo. Hizo kampuni yako inalipa kutoka mfukoni mwake. Anayekuzungusha yuko hapa hapa, kamkalie ofisini.

Binti Machame, si bima mara mbili. Mara mbili ni pale mwenye ghala anapokata bima ya kahawa ile ile kwenye kampuni mbili. Hapa mwenye ghala amekata moja tu. Kampuni iliyomkatia ndiyo inayojikinga na deni lake yenyewe, kwa mkataba mwingine kabisa ambao mwenye ghala hayumo.

Na hapo ndipo Kaka Stika umepotea, samahani ndugu yangu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya hela inatoka kule. Lakini hakuna sheria inayosema mteja asubiri. Mkataba wa Mhasibu unasema kampuni ya bima italipa, basi, haukusema italipa ikishalipwa. Na akiwaandikia hao wa nje watamjibu kwa adabu kwamba hawamfahamu, na watakuwa sahihi, kwa sababu hawana mkataba naye.

Sasa nieleze ile bilioni 30 ilikwenda wapi siku mliyokata bima. Takwimu za kampuni yenu sizijui, natumia za mfano zinazofanana na nilizokuwa nazishughulikia.

Tuseme kampuni ina mtaji wa bilioni 30. Ikibeba ghala lako peke yake, moto mmoja wa usiku unaifuta kampuni nzima pamoja na wateja wengine wote. Kwa hiyo imejiwekea kiwango: kwenye mali moja isibaki na zaidi ya bilioni 1.5. Hiyo sisi tunaiita laini moja. Kisha mwanzoni mwa mwaka ilishafunga mkataba na kundi la kampuni za bima mtawanyo kwamba kila mali inayozidi laini moja, wao wachukue mpaka laini kumi juu yake. Huo ndio trieti. Uzuri wake ni kwamba hauombi ruhusa ya kila mteja. Mali ikiingia kwenye vigezo, inaingia yenyewe. Laini kumi ni bilioni 15.

Jumlisha: 1.5 na 15 ni bilioni 16.5. Ghala lako ni bilioni 30. Bado bilioni 13.5 hazina mwenyewe. Hizo mtu wa dawati langu alikaa akaandika slipu ya kurasa chache: mali iko wapi, kuta za nini, paa la nini, kuna nini ndani, zimamoto wako umbali gani, hasara za miaka mitano nyuma. Akaizungusha kwa dalali, Dar, Nairobi, pengine mpaka London, kila kampuni ikiandika asilimia yake na kugonga muhuri mpaka ijae. Huu ni ununuzi wa mali moja moja, kwa Kiswahili cha ofisini fakaltativu.

Kwa hiyo kampuni yako ina 5%, trieti ina 50%, fakaltativu ina 45%. Na hasara inagawanywa kwa asilimia hizo hizo, haijalishi ni ndogo au kubwa. Kwenye bilioni 6 yako: kampuni yako milioni 300, trieti bilioni 3, fakaltativu bilioni 2.7. Ada yako nayo iligawanywa hivyo hivyo. Mlilipa milioni 60? Basi wao walibaki na milioni 3, na juu yake kamisheni waliyorudishiwa na hao waliochukua mzigo.

Sasa umeona kwa nini wanasema wanasubiri. Hawasubiri ruhusa ya kukulipa. Wanaogopa kulipa bilioni 6 halafu wakadai wenzao wakakosa.

Chalii wa Ngaramtoni

Milioni 60 ya jasho la Mchaga inabaki milioni 3 nchini, 57 inapanda ndege. Halafu tunaambiwa tuna sekta ya bima. Hawa ni madalali tu wenye bango kubwa.

Mhasibu wa Pasua

Mzee Slipu, shikamoo na asante. Leo ndiyo nimeelewa kitu ambacho kampuni yenyewe haijawahi kunieleza. Ila swali: kama wao wana milioni 300 tu, trieti umesema inaingia yenyewe. Sasa kinachokwama ni nini?

Slipu na Muhuri

Marahaba. Hilo ndilo swali lenyewe.

Trieti kwa kawaida hukwami nayo. Mikataba mingi ya trieti inawataka waliomo wafuate uamuzi wa kampuni ya bima ilimradi imelipa kwa nia njema na kwa mujibu wa mkataba wa mteja. Tena kuna kipengele kwamba hasara ikizidi kiasi fulani, kampuni inaweza kuomba hela ya haraka bila kusubiri hesabu za robo mwaka. Kwa hiyo ile bilioni 3 inapatikana kwa wiki kadhaa mtu akiandika barua vizuri.

Fakaltativu ni wanyama wengine. Waliosaini slipu yako wengi huweka sharti kwamba kampuni ya bima isikubali wala isilipe chochote bila wao kushirikishwa, na wengine wanashika usukani kabisa: wao ndio wanachagua mthamini. Ukivunja sharti hilo wana sababu ya kukataa sehemu yao.

Hebu nijibu mambo matatu. Mkataba wenu una jina la kampuni moja au kuna orodha ya kampuni na asilimia? Mthamini aliteuliwa na nani? Na ile mashine ya kukaushia ilikuwepo siku mliyokata bima?

Wakili wa Njia Panda

Niongeze kwenye swali la kwanza la Mzee Slipu. Kukiwa na orodha ya kampuni na asilimia, hiyo ni bima ya pamoja, na kila moja inadaiwa na mteja sehemu yake tu. Kukiwa na jina moja, hiyo moja inadaiwa yote, bilioni 6 nzima, hata kama hao wa nje wote wamefunga milango. Mhasibu asome ukurasa wa kwanza.

Kuna wakopeshaji wa miradi mikubwa, wale wa migodi na mabwawa, wanaodai kipengele kinachowawezesha kulipwa moja kwa moja na kampuni ya bima mtawanyo. Ghala la kahawa sijawahi kuliona nalo. Bila hicho, kampuni ya bima ikifilisika, hela inayotoka nje inaingia kwa mfilisi na mteja anapanga foleni na wengine.

Fundi Unga Limitedi

Samahani nichomekee. Mimi nina karakana ya mbao Unga Limitedi, Arusha. Niliomba bima ya bilioni 4, kampuni kubwa kabisa, ikanikatalia. Tena walishamkatia jirani yangu tunayepakana ukuta. Nikadhani ni chuki. Je, ni hao hao wa nje?

Slipu na Muhuri

Fundi, si chuki, ni ukuta. Moto wa mbao ukianza kwako hauulizi mpaka wa kiwanja. Kwenye trieti majengo mawili yanayopakana bila ukuta wa kuzuia moto wala nafasi katikati huhesabiwa mali moja. Kama jirani ameshajaza uwezo wao, wewe hata ukiwa na bilioni 4 tu unaangukia nje ya trieti, na kwa karakana ya mbao kupata wa kununua fakaltativu ni kazi. Nimeshaona ofisa aliyejifanya hajui akaandika wawili kama mali mbili, kila moja na laini yake. Moto ulipopita kotekote wenzao wa nje walisema hii ni mali moja, na kampuni ikabaki na fungu kubwa ambalo halikuwa na mahali pa kwenda. Nenda kampuni nyingine ambayo haina jirani yako.

Mhasibu wa Pasua

Nimerudi na mafaili.

Jina ni moja. Mthamini aliteuliwa na kampuni ya bima, aliyemteua alituambia "tumempa kazi leo, wa nje tutawajulisha". Na mashine, hapa ndipo moyo umenidunda: bima ilianza Julai, mashine tuliifunga Novemba. Tuliwaandikia barua, wakatuma nyongeza ya mkataba yenye muhuri, tukalipa ada ya ziada kidogo. Ninayo mkononi. Jamaa mmoja wa pale kwao kaninong'oneza kwamba "wa nje wanauliza kuhusu draya".

Slipu na Muhuri

Basi kidonda tumekipata.

Slipu ilisainiwa kabla ya Julai. Imeandikwa ghala la kuhifadhia kahawa. Novemba mkaongeza chumba cha moto ndani ya jengo lenye magunia ya katani. Hayo ni mabadiliko ya hatari, na kwa trieti pengine yanapita bila kelele. Kwa fakaltativu ilibidi mtu achukue ile nyongeza yenu, aipeleke kwa dalali, na kila aliyesaini asaini tena. Nikikisia, na narudia ni kukisia, nyongeza ilitoka kwenu ikaishia kwenye kabati la idara ya mikataba. Dawati la bima mtawanyo halikuiona. Inatokea kuliko watu wanavyodhani, maana ni idara mbili na mara nyingine hata mifumo ya kompyuta miwili isiyozungumza.

Fanya hesabu ukae upande wao. Fakaltativu wakikataa, mzigo wa kampuni unatoka milioni 300 unakuwa bilioni 3. Mara kumi. Kwa kampuni ya mtaji wa bilioni 30 hilo bodi inakaa usiku. Ndiyo maana hawakujibu moja kwa moja. Wao wenyewe wanajadiliana na dalali, wanatafuta barua pepe ya Novemba iliyotumwa au ambayo haikutumwa.

Lakini kwako wewe hiyo si hoja. Ulisema, wakakubali, wakapokea ada. Walichosahau kupeleka kwa wenzao ni baina yao. Ungekuwa umeficha mashine, ningekuambia kingine.

Wakili wa Njia Panda

Nakubali kwa sehemu kubwa. Ila nimeona mikataba ambamo kampuni inachomeka sentensi kwamba malipo yatafuata masharti ya bima mtawanyo. Kama imo, watajificha hapo. Mimi naamini mahakama haitaipenda, kwa sababu mteja hajawahi kuonyeshwa hayo masharti, lakini kuamini na kushinda ni vitu viwili.

Slipu na Muhuri

Wakili, hapo mimi na wewe hatutapatana. Nimeona sentensi hiyo ikimtisha mteja mpaka akachukua nusu. Kortini sijaiona ikisimama, lakini pia sijaiona ikiangushwa.

Kaka Stika

Mzee nimejifunza. Lakini bado nauliza, kama kampuni haina hiyo bilioni 6 benki, kumwambia Mhasibu "wanadaiwa yote" kunamsaidia nini? Hela haipo.

Slipu na Muhuri

Swali zuri hilo, na ndiyo maana simwambii adai yote kesho. Adai ile isiyo na ubishi. Milioni 300 yao na bilioni 3 ya trieti haina mgogoro wa slipu. Mhasibu, andikeni barua rasmi: hasara imekubalika na mthamini, tunaomba malipo ya awali, na tunaomba kampuni itumie kipengele cha hela ya haraka kwenye trieti yake. Ukilitaja hilo kwa jina watajua kuna mtu anakuelekeza. Na ombeni watamke kwa maandishi kama aliyeongoza slipu ya fakaltativu amemkubali mthamini. Kama hajamkubali, kazi yote inaweza kurudiwa na mthamini wa pili, afadhali mjue sasa. Nakala ya barua ipelekeni TIRA, ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko hapa Arusha. Mamlaka hailipi madai, lakini kampuni hupenda kujibu barua yenye nakala ya mamlaka.

Chalii wa Ngaramtoni

Mbona swali langu la milioni 57 mmelikwepa?

Slipu na Muhuri

Sijalikwepa, nilikuwa kwenye moto kwanza.

Si zote zinapanda ndege. Tan-Re, kampuni ya bima mtawanyo ya hapa nchini, iko Dar na ina fungu lake. Sehemu ya trieti inakwenda kwa lazima Africa Re, 5%, na Tanzania ni mmoja wa wanachama wake. Iliundwa mwaka 1976 na nchi za Afrika kwa hoja hiyo hiyo yako, makao yake Lagos. ZEP-RE iko Nairobi, na sisi tumo. Dalali haruhusiwi kukimbilia London kabla hajaonyesha kwamba uwezo wa ndani umejaa.

Ila nisikudanganye. Hao nao hawabaki na vyote. Nao wana wa kuwapelekea, na ukifuata mnyororo unaishia kwa akina Munich Re, Swiss Re na soko la Lloyd's. Kimbunga Ian kilipopiga Florida Septemba 2022, mikataba iliyohuishwa Januari 2023 ilipanda bei duniani kote, na ada ikasogea mpaka kwa watu ambao Florida wanaisikia kwenye taarifa ya habari.

Chalii wa Ngaramtoni

Umethibitisha nilichosema. Tunalipia vimbunga vya Wamarekani.

Binti Machame

Na wao wangelipia ghala la Moshi? Kwa maelezo ya Mzee bilioni 5.7 ya hasara hii ni ya watu wa nje ya kampuni. Milioni 57 yako imeshajirudisha mara mia moja.

Chalii wa Ngaramtoni

Ikilipwa, dada. Bado haijalipwa.

Slipu na Muhuri

Mnacheka lakini Waswisi walipitia haya. Mwaka 1861 mji wa Glarus uliungua kwa usiku mmoja, wakaona bima zao za ndani hazitoshi, na miaka miwili baadaye Swiss Re ikaanzishwa Zurich. Walianza kwa kukosa, kama sisi. Kwamba sisi tutafika lini, au kama inafaa kabisa nchi moja yenye mlima, ziwa na pwani kujibebea kila kitu yenyewe, hapo Chalii una haki ya kubaki na msimamo wako.

Mhasibu wa Pasua

Wakuu, mrejesho. Barua ilikwenda na nakala TIRA. Leo tumeitwa ofisini kwao, safari hii kwa chai. Wanasema watatoa malipo ya awali ya bilioni 2.4 mwezi huu, na kuhusu draya "majadiliano yanaendelea", hawakusema na nani. Nilipouliza kama nyongeza ya Novemba ilifika kwa wenzao, mkuu wa idara akamtazama msaidizi wake. Wamenipa hati ya kukubali malipo, bosi anataka tusaini leo leo.

Slipu na Muhuri

Usisaini kabla hujasoma mstari wa mwisho. Ikisema bilioni 2.4 ni sehemu ya malipo, saini. Ikisema ni malipo kamili na ya mwisho, umewasamehe bilioni 3.6 na wao wamemaliza ugomvi wao na wa nje kwa hela yako.

Mhasibu wa Pasua

Imeandikwa "kamili na ya mwisho". Nairudisha asubuhi, na barua nyingine.